Saa Tisa Alasiri, London na New York Zinapokutana

Tuchukue mfano wa mwagizaji wa mashine wa Kariakoo anayedaiwa euro 50,000 na kiwanda cha Ujerumani. Jumatatu mchana benki yake inamtajia bei ya shilingi 2,700 kwa euro moja. Anaahirisha. Jumanne asubuhi anapiga simu, anaambiwa ni 2,725. Hesabu hiyo imemwongezea shilingi 1,250,000 kabla hajanywa chai, na anaapa kwamba benki imemchezea.

Benki haikumchezea. Shilingi ya Tanzania haikusogea usiku ule, dola ilibaki shilingi 2,500 vilevile. Lakini mabenki yetu huwa hayapangi bei ya euro kwa kuitazama shilingi peke yake. Huchukua bei ya dola kwa shilingi, wakaizidisha kwa bei ya euro kwa dola inayotoka ng'ambo. Mchana euro ilikuwa dola 1.08, asubuhi ikawa 1.09. Bei ya kwanza imepatikana Dar es Salaam na ya pili imepatikana kwingine. Ukiuliza ni saa ngapi hasa hiyo senti moja ya dola ilipanda, jibu linalotarajiwa zaidi ni kati ya saa tisa alasiri na saa moja jioni kwa saa zetu.

Soko la fedha za kigeni halina jengo wala kengele ya kufungua. Ni mabenki, mifuko ya uwekezaji na makampuni yanayouziana fedha kwa simu na kompyuta, na siku ya kazi huizunguka dunia kufuata jua. Jumatatu huanzia Wellington na Sydney, ikaenda Tokyo, Hong Kong na Singapore, ikafika London, na Ijumaa hufungwa New York. Kwa hiyo ndani ya wiki hakuna saa ambayo bei haipo. Tofauti ni nani yuko kazini.

Na wanaohudhuria hawalingani. Benki ya Malipo ya Kimataifa, yenye makao Basel nchini Uswisi, hulihesabu soko hili kila baada ya miaka mitatu. Hesabu ya Aprili 2022 ilikuta dola trilioni 7.5 zikibadilishwa kwa siku. Asilimia 38 ya biashara hiyo ilipitia Uingereza, na 19 ilipitia Marekani. Nchi mbili tu, zaidi ya nusu ya soko la dunia nzima.

London hufanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwa saa zake, na New York vivyo hivyo kwa zake. Kati yao pana tofauti ya saa tano. Kwa hiyo wanapoingia kazini New York, London imeshakula chakula cha mchana, na miji yote miwili hukaa wazi pamoja kwa muda wa saa nne hivi. Ulaya inapokuwa kwenye majira ya joto, saa hizo kwetu ni tisa alasiri hadi moja jioni. Kwenye majira ya baridi, kwa kuwa wao hurudisha saa nyuma na sisi hatugusi chochote, huwa saa kumi alasiri hadi mbili usiku.

Hapo ndipo bei ya euro na ya pauni dhidi ya dola huyumba zaidi kuliko wakati mwingine wowote wa siku ya kawaida. Na hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Soko lenye wanunuzi na wauzaji wengi lilipaswa kutulia. Ukitaka kuuza euro milioni kumi saa kumi jioni, wa kuzichukua wapo tele, na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza huwa dogo kuliko saa nyingine. Mbona basi bei ndiyo inaruka?

Jibu jepesi ni habari, na lina ukweli wake. Wizara ya Kazi ya Marekani hutoa takwimu za ajira na za mfumuko wa bei saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za New York, yaani saa tisa na nusu alasiri kwetu katika majira ya joto. Sekunde ile ile bei hurukia pengine. Lakini jibu hilo halitoshi, maana siku zisizo na takwimu yoyote ya maana, bado saa hizo ndizo zenye msukosuko.

Jibu la pili lilipatikana Tokyo, tena kwa bahati tu, wakati wa chakula cha mchana.

Kwa miaka mingi mabenki ya Tokyo hayakuruhusiwa kuuziana fedha za kigeni kati ya saa sita mchana na saa saba na nusu. Watu walifunga, wakala, wakarudi. Tarehe 21 Desemba 1994 katazo hilo liliondolewa, na tangu siku hiyo aliyetaka kuuza na kununua akiwa na mkate mkononi aliruhusiwa. Wachumi watatu, Takatoshi Ito, Richard Lyons na Michael Melvin, waliona hapo wamepewa jaribio ambalo hakuna chuo kingeweza kuliandaa. Bei ya dola kwa yeni wakati wa mapumziko ilijulikana hata kabla ya mabadiliko, kwa sababu Hong Kong na Singapore hazikufunga. Kwa hiyo walipima mtikisiko wa bei katika dakika zile tisini, kabla na baada.

Waligundua kwamba uliongezeka maradufu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1998, na uzito wake uko katika kile ambacho hakikubadilika. Serikali ya Japani haikuanza kutoa takwimu saa sita na nusu mchana. Wala dunia haikuanza kuwa na habari nyingi zaidi Tokyo wanapokula. Kilichobadilika ni kwamba watu walikuwa kazini wakinunua na kuuza. Biashara yenyewe ndiyo iliyoitikisa bei.

Inakuwaje? Fikiria kampuni ya bima ya Tokyo inataka kununua hati za serikali ya Marekani. Inaiagiza benki yake impatie dola milioni mia tatu. Agizo hilo halitangazwi popote, benki ile moja tu ndiyo inayolijua. Lakini ili izipate hizo dola lazima izitafute kwa wengine, kidogo kidogo, na kila anayemuuzia hugundua kwamba leo pana mtu mwenye njaa ya dola. Anapandisha bei yake, kisha naye anaenda kununua kabla hajachelewa. Ndani ya dakika chache siri ya mteja mmoja imeingia kwenye bei ya dunia, ingawa hakuna aliyeitamka. Siri ya namna hii haitoki mtu akiwa mezani anakula. Hutoka anapoagiza.

Sasa irudishe hoja hiyo kwenye London na New York. Mifuko ya pensheni ya Ulaya, viwanda vya Ujerumani, wawekezaji wa Boston na wakusanyaji mafuta wa Houston, wote wana maagizo yao, na saa hizo nne ndizo pekee ambapo pande zote mbili zinaweza kuyatekeleza kwa pamoja. Mwenye agizo kubwa huyangoja makusudi, maana ndipo wa kupokea ni wengi na gharama ni ndogo. Wingi unaita wingi. Kila agizo linakuja na siri yake, na bei hulazimika kuzimeza zote.

Juu ya hapo kuna saa kumi jioni ya London, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili jioni katika majira ya joto. Hapo hupigwa bei rasmi ya siku, ambayo mifuko mingi ya uwekezaji huitumia kuthamini mali zake, na kwa hiyo hutaka kubadilisha fedha kwa bei ile ile hasa. Zamani bei hiyo ilichukuliwa katika dakika moja tu. Wafanyabiashara wa mabenki kadhaa makubwa walijua maagizo ya wateja wao yaliyokuwa yakisubiri dakika hiyo, wakaambiana kwenye vikundi vya soga vya mtandaoni ili waisukume bei upande wanaoutaka. Novemba 2014 wasimamizi wa Uingereza, Marekani na Uswisi waliyatoza mabenki hayo faini iliyozidi dola bilioni nne. Mwaka uliofuata dirisha lilipanuliwa kutoka dakika moja hadi tano, ili iwe vigumu zaidi kulisukuma. Nadhani faini ile ni ushahidi mzuri kuliko mchoro wowote: wangejisumbuaje kuchezea dakika hiyo kama maagizo hayakuwa na nguvu juu ya bei?

Isidhaniwe basi kwamba saa za upweke ni saa za usalama. Tarehe 7 Oktoba 2016, dakika chache baada ya saa sita usiku wa London, pauni iliporomoka kwa takriban asilimia 9 dhidi ya dola na kurudisha sehemu kubwa ya hasara hiyo muda mfupi baadaye. London ilikuwa imelala, New York imefunga, Asia ndiyo kwanza inaamka. Hapo wauzaji walijitokeza lakini wapokeaji hawakuwepo. Huu ni mtikisiko wa aina nyingine. Wa saa kumi jioni kwa kawaida huiacha bei ilipofika, kwa kuwa umebeba jambo jipya. Ule wa usiku bei ilianguka kwa kukosa wa kuishika, ikarudi walipopatikana. Njia rahisi ya kuutambua wa pili ni kutazama pengo la kununua na kuuza. Likipanuka ghafla mara kadhaa ya kawaida, hapo hakuna soko, pana namba tu kwenye kioo.

Kanuni ya saa nne ina mipaka mingine pia. Benki Kuu ya Marekani hutangaza uamuzi wake wa riba saa nane mchana wa New York, ambayo kwetu ni saa tatu usiku katika majira ya joto, na London imekwisha kwenda nyumbani. Usiku huo mmoja unaweza kuzidi wiki nzima ya alasiri. Yeni nayo huwa na pilika zake asubuhi ya Tokyo, tukiwa bado tumelala. Halafu Marekani husogeza saa zake mbele Machi wiki mbili au tatu kabla ya Ulaya, na katika kipindi hicho tofauti ya miji hiyo hupungua kuwa saa nne, nayo takwimu za Marekani humkuta mtu wa Nairobi au Dar mapema kwa saa nzima kuliko alivyozoea wakati wa baridi.

Kwa mwagizaji wetu wa Kariakoo, yote haya hayamwambii euro itapanda au itashuka. Jumanne ile ingeweza kumletea 2,675 na angeondoka akiisifu benki. Kinachojulikana ni saa ambazo bei yake iko hatarini zaidi. Mwenye deni la euro au pauni aiulize benki mambo mawili kabla ya saa tisa alasiri: bei aliyotajiwa itashikiliwa hadi saa ngapi, na kama anaweza kuifunga siku hiyo hiyo kwa maandishi.