Kata Programu Mpaka Kosa Libaki Peke Yake

“Shikamoo kaka. Programu yangu ya duka inachanganya wateja. Naomba msaada.” Ujumbe uliishia hapo. Chini yake kijana alikuwa ameambatisha faili lenye mistari 240 na picha ya skrini aliyoipiga kwa simu, nusu yake haisomeki kwa mwanga wa dirisha.

Aliyetumiwa ni mtaalamu wa programu. Mchana ana ajira yake, jioni huwasaidia wanaojifunza lugha ya Python. Faili hakulifungua. Anayetazama kwa mbali anaweza kusema huo ni ukali, lakini “inachanganya wateja” ina maana nyingi: huenda majina yamebadilishana, huenda deni la mmoja limeingia kwa mwingine, au risiti zimetoka nje ya mpangilio. Angeanza kusoma mistari 240 ya mtu mwingine bila kujua anatafuta nini. Akajibu:

“Marahaba, mdogo wangu. Niambie kwanza umeipa programu nini, ulitarajia itoe nini, na imetoa nini hasa, neno kwa neno. Halafu nitengenezee programu ndogo kabisa inayotoa kosa hilohilo. Nikiinakili na kuiendesha kwenye kompyuta yangu, nilione kosa bila kukuuliza kitu kingine. Itume kama maandishi, maana picha siwezi kuiendesha. Na daftari la madeni ya watu usinitumie. Majina na namba za simu weka za kubuni.

“Faili lako la asili usiliguse. Linakili, kisha ukate kwenye nakala. Kila ukikata kipande, endesha. Kosa likiwa bado lipo, kipande hicho hakihusiki, kiache nje. Kosa likipotea, kirudishe, ukate pengine.”

Programu ya kijana ilikuwa na kazi nne: kusoma faili la wateja, kuweka bidhaa kwenye kapu la kila mmoja, kujumlisha bei na kuchapisha risiti. Yeye tangu mwanzo alishuku usomaji wa faili, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyomsumbua kuiandika. Alianza kwa kukata risiti, akaendesha, kosa likabaki. Akaondoa bei, likabaki. Alipofika kwenye usomaji wa faili alifanya jambo la busara: aliuondoa wote, akaandika bidhaa mbili kwa mkono ndani ya programu. Kosa likabaki palepale. Mshukiwa wake mkuu alikuwa hana hatia, na hilo lilijulikana bila mtu yeyote kusoma msimbo wake.

Kisha akakata kupita kiasi. Alimwondoa mteja wa pili, na programu ikaanza kutoa jibu sahihi. Wanafunzi wengi wakifika hapo hufurahi, wakidhani wametibu. Kumbe kilichotoweka ni dalili tu, na kutoweka kwake ni habari muhimu: kosa hili linahitaji wateja wawili ili lionekane. Akamrudisha wa pili. Mwisho alibaki na hiki:

```python
def ongeza(bidhaa, kapu=[]):
    kapu.append(bidhaa)
    return kapu

print(ongeza("sukari"))
print(ongeza("sabuni"))
```

Safari hii ujumbe wake ulisomeka hivi: “Kaka, nimeita `ongeza` mara mbili, kila mara kwa mteja mwingine. Nilitarajia mstari wa pili utoe `['sabuni']`. Umetoa hivi:”

```
['sukari']
['sukari', 'sabuni']
```

Akaongeza toleo la Python alilonalo, alilolipata kwa amri `python --version`. Kwa kosa hili toleo halibadilishi kitu, lakini yapo makosa yanayoonekana kwenye toleo moja na kukosekana kwenye jingine, na anayeuliza hana njia ya kujua mapema lake ni la aina gani.

Sasa hata asiyeandika programu anaweza kuona tatizo: mteja wa pili amepewa sukari ya wa kwanza. Sababu iko kwenye mstari wa juu kabisa. `ongeza` ni funksheni, yaani kipande cha programu kilichopewa jina ili kiitwe kila kinapohitajika. Maneno `kapu=[]` yanasema kwamba mwitaji asipoleta kapu, litumike hili tupu. Kijana aliamini Python hutengeneza kapu jipya kila funksheni inapoitwa. Sivyo. Kapu hilo hutengenezwa mara moja tu, Python inapopita kwenye mstari wa `def`, na kila mwitaji asiyeleta lake hupewa lilelile. La kwanza likitiwa sukari, wa pili hulikuta na sukari yake. Mwalimu alimwambia athibitishe mwenyewe kwa kuongeza mstari huu mwishoni:

```python
print(ongeza.__defaults__)
```

Skrini ikaonyesha `(['sukari', 'sabuni'],)`. Hilo ndilo kapu “tupu” ambalo mteja wa tatu angekabidhiwa.

Tiba ni kuacha nafasi wazi na kutengeneza kapu ndani ya funksheni, kwa kuwa yaliyo ndani hufanywa upya kila inapoitwa:

```python
def ongeza(bidhaa, kapu=None):
    if kapu is None:
        kapu = []
    kapu.append(bidhaa)
    return kapu
```

Kazi hii ya kukata si ya wanafunzi peke yao. Watengenezaji wa kivinjari cha Mozilla walipozidiwa na ripoti za makosa mwaka 1999, waliomba watu wajitolee kuzipunguza kurasa zinazoleta shida hadi kubaki na kile kinachohusika tu. Watafiti Andreas Zeller na Ralf Hildebrandt wakatengeneza njia ya kuiachia kompyuta ukataji huo, na katika makala yao ya 2002 walionyesha ukurasa wa mistari 896 ambao kivinjari hicho kilianguka kikijaribu kuuchapisha. Kompyuta iliukata mpaka ukabaki mstari mmoja, na ndani ya mstari huo kilichohitajika kilikuwa alama moja tu: `<SELECT>`.

Mtu akikata kwa mkono, kuna mtego wa kuchunga. Ukiondoa kipande ambacho kingine kinakitegemea, programu itakwama, na ni rahisi kudhani bado unafuatilia kosa lilelile. Kijana angefuta funksheni `ongeza` yote, Python ingemjibu kwa `NameError`, kwamba hailijui jina `ongeza`. Hilo ni kosa jipya alilolizaa yeye kwa mkasi wake. Ndiyo maana baada ya kila mkato husomwa maneno yenyewe yaliyotoka kwenye skrini, yakalinganishwa na ya mwanzo. Makosa yanayotokea mara moja moja, kwa mfano pale shughuli mbili zinapogombea faili moja, ni magumu zaidi. Likikosekana mara moja huwezi kusema kipande ulichokata ndicho kilichokuwa na kosa, itabidi uendeshe tena na tena kabla ya kuamua.

Kijana alitaka kushukuru na kulala. Mwalimu akamzuia: “Bado, mdogo wangu. Umetibu ile ndogo. Rudi kwenye ile ya mistari 240, weka dawa hiyo, uiendeshe na wateja wako wote. Kisha utafute humo kila palipoandikwa `=[]` au `={}` ndani ya mabano ya `def`.” Makapu yalitulia. Ila chini zaidi alikuta funksheni ya madeni imeanza na `def kopesha(jina, kiasi, madeni={}):`.