Kutoka Mabaki hadi Mafungu: Namba Kamili kwa Moduli 12 kama Njia ya Kuelewa Kundi Gawanyo

Msemaji wa Kiswahili anayeanza safari saa kumi na kutumia saa tano hufika saa tatu. Hesabu hiyo kwa kawaida hufafanuliwa kwa baki: 15 ikigawanywa kwa 12 hubaki 3. Ufafanuzi huo ni sahihi, lakini huficha wazo la kundi gawanyo, kwa sababu humfanya mwanafunzi aone namba kumi na mbili zilizochaguliwa badala ya mafungu kumi na mawili.

Fungu la 3 lina namba zote zinazotofautiana na 3 kwa kigawe cha 12: …, −9, 3, 15, 27, … Fungu la 0 ni vigawe vya 12 vyenyewe, navyo ni kundi dogo ndani ya namba kamili, mafungu mengine ni kundi dogo hilo likiwa limesogezwa. Katika kundi gawanyo, kila fungu zima huhesabiwa kuwa kitu kimoja.

Swali la msingi ni hili: mafungu hujumlishwaje? Huchaguliwa mwakilishi mmoja kutoka kila fungu, wakajumlishwa, kisha likatajwa fungu la jibu. Kwa fungu la 10 na fungu la 5, wawakilishi 22 na 29 hutoa 51. −2 na 17 hutoa 15. Majibu yote mawili yamo katika fungu la 3. Sababu ni kwamba (a + 12k) + (b + 12m) = (a + b) + 12(k + m): tofauti za wawakilishi hukusanyika ndani ya vigawe vya 12.

Uhakika huo haupatikani kwa kila kitendo. Namba 1 na 13 zimo katika fungu moja, lakini 2¹ = 2, ilhali 2¹³ = 8192, ambayo imo katika fungu la 8. Kipeo, basi, hakiwezi kuchukuliwa kutoka kwenye mafungu haya.

Hata kundi dogo lenyewe linaweza kushindwa. Katika mabadilishano ya nafasi za herufi KLM, kundi dogo liwe na vitendo viwili: kutobadili kitu, na kubadilishana nafasi ya kwanza na ya pili. Vikifuatwa na kubadilishana nafasi ya kwanza na ya tatu, hupatikana fungu lenye matokeo MLK na MKL. Kitendo cha mwisho kikiwa kutobadili kitu, MLK hubaki MLK. Kikiwa kubadilishana nafasi ya kwanza na ya pili, huwa LMK, nje ya fungu. Jibu limemtegemea mwakilishi, hivyo kundi gawanyo halipo. Katika namba kamili kasoro hii haitokei, kwa kuwa a + b = b + a.

Kwa hiyo istilahi za mtaala zinapaswa kutenganisha baki, ambalo ni namba, na fungu, ambalo ni kipengele cha kundi gawanyo. Neno moja likitumika kwa yote mawili, mwanafunzi hatajua kwamba kuna jambo la kuthibitishwa kabla ya kujumlisha.