Sera ya uonevu shuleni: ufunguo wa sanduku anao nani?

Sera nyingi za shule kuhusu uonevu huanza kwa sentensi moja: "Uonevu wa aina yoyote hautavumiliwa." Inapendeza ukutani. Lakini patroni akigongewa mlango saa nne usiku na mtoto anayelia, sentensi hiyo haimwambii kama alichofanyiwa mtoto ni uonevu, wala aandike wapi, wala amwamshe nani. Sera huandikwa kwa ajili ya saa hiyo.

Tuchukue mfano wa sekondari ya bweni hapa Tanzania, na mvulana wa kidato cha kwanza aliyeripoti Januari. Bwenini anaitwa njuka. Wiki ya kwanza kiranja wa bweni anamtuma maji. Wiki ya pili anamfulisha sare zake. Wiki ya tatu tranka linafunguliwa, sukari na sabuni vinaondoka, na akilalamika anaambiwa kila mtu alipitia hayo. Hajapigwa hata kofi. Mwalimu wa nidhamu, ukimuuliza, atakwambia ni utani tu wa bweni, na kwamba yeye mwenyewe alifanyiwa hivyo enzi zake.

Ndiyo maana kifungu cha kwanza ni cha kueleza uonevu ni nini. Mtafiti Dan Olweus, aliyefanya kazi zake Norwei tangu miaka ya 1970, aliacha vigezo vitatu ambavyo hadi leo shule nyingi duniani huanzia hapo: kitendo ni cha makusudi, kinajirudia, na anayetendewa hana nguvu sawa na anayetenda. Wanafunzi wawili wa darasa moja wakipigana kwa sababu ya mpira, hilo ni kosa la nidhamu, si uonevu. Kwa njuka wetu vigezo vyote vitatu vipo, lakini sera ikiishia hapo mwalimu bado atabishana. Iseme wazi kwamba katika shule hii nguvu ni pamoja na kidato cha juu, cheo cha ukiranja na wingi wa watu. Kisha itaje vitendo kwa majina yake ya bwenini: kumtuma au kumfulisha mwanafunzi mdogo, kuchukua vitu vyake hata kwa kisingizio cha kuazima, kumnyima zamu ya bafu, kumpa jina la kabila lake au la ulemavu wake.

Kigezo cha kujirudia kinahitaji uangalifu. Picha ya mtoto akioga ikirushwa mara moja kwenye kundi la WhatsApp wakati wa likizo, mrushaji amefanya mara moja, lakini kila anayeitazama na kuisambaza anairudia. Sera iseme hivyo, na iseme kwamba likizo haiiondolei shule wajibu pale wahusika wote wanaporudi bweni moja.

Sasa njuka anataka kusema. Asemee wapi? Kwa utaratibu uliozoeleka, taarifa hutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa kiranja wa bweni, kisha kwa kaka mkuu, ndipo zimfikie mwalimu. Yaani kwenye mlango wa kwanza anasimama mtuhumiwa. Sera isipouvunja mnyororo huo, yote mengine ni karatasi. Mwanafunzi apewe milango kadhaa ambayo haipiti kwa wanafunzi wenzake: mwalimu yeyote anayemwamini, mwalimu wa ushauri nasaha, matroni au patroni, mzazi kwa namba ya simu ya shule iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga, na namba 116 ya kupiga bure kwa masuala ya watoto. Rafiki aliyeona naye aruhusiwe kuripoti, maana mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kusema.

Sanduku la maoni ni zuri likiwekwa kwa akili. Likining'inizwa mbele ya ofisi ya walimu, anayetumbukiza karatasi anaonwa na shule nzima. Liwekwe mahali ambapo kila mtu hupita kwa shughuli nyingine, kama ukumbi wa maktaba. Liwe na kufuli mbili, funguo zikae kwa watu wawili tofauti, mmoja wao asiwe mwalimu wa nidhamu, na lifunguliwe Jumatatu na Alhamisi wote wawili wakiwapo. Na kama anayetajwa kwenye karatasi ni mwalimu, au mkuu wa shule mwenyewe, sera itaje kwamba taarifa inakwenda kwa mwenyekiti wa bodi. Kifungu hicho huwa kigumu kupita kwenye kikao. Kipiganiwe.

Kwenye wajibu wa watumishi ndiko ambako lugha ya sera hulegea. "Walimu watashughulikia taarifa ipasavyo" haimfungi mtu. Linganisha na hii: "Mtumishi yeyote aliyeona au kuambiwa ataandika kwenye kitabu cha matukio kabla ya siku kwisha, na mwalimu wa ushauri nasaha atamsikiliza mtendewa ndani ya saa 24." Ina mtu, kitendo na muda. Neno "mtumishi" limshike pia mpishi, mlinzi na dereva, kwani wao huona yanayotokea jikoni na nyuma ya mabweni. Na kwa kuwa wengi wao hawasomi Kiingereza, sera ya sekondari iwe na nakala ya Kiswahili.

Kwa njuka wetu, kifungu hicho kinaendelea hivi. Anasikilizwa peke yake, kiranja naye peke yake, siku hiyohiyo, kabla hawajapata nafasi ya kuonana. Usiku huo kiranja ndiye anayehamishwa bweni, si njuka. Cheo kinasimamishwa wakati uchunguzi ukiendelea, na wazazi wa pande zote mbili wanapigiwa simu. Kinachokatazwa ni ile desturi ya kuwakutanisha ofisini, kuwaambia wapeane mikono, na kufunga faili. Mkono hutolewa saa nane mchana, kisasi huja baada ya prepo. Kwa hiyo siku ya 7 na siku ya 21 mwalimu amuulize mtoto, faraghani, kama mambo yamerudi, na jibu liandikwe.

Kuna yasiyo ya shule kumaliza. Kukiwa na jeraha au kitendo cha ngono, ni Polisi Dawati la Jinsia na Watoto, fomu ya PF3 na hospitali, siku hiyohiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa za mtoto kunyimwa haki zake aziripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na kikao cha walimu na wazazi hakiufuti wajibu huo.

Ratiba ya mapitio ifuate wageni wanavyoingia. Kidato cha kwanza huingia Januari na kidato cha tano kwa kawaida Julai. Basi mapitio mafupi yafanyike mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba, baada ya wageni kukaa vya kutosha kuonewa, na mapitio makubwa ya bodi Novemba. Kila mara wanafunzi wajaze dodoso lisilo na jina lenye swali moja la msingi: katika wiki nne zilizopita umefanyiwa lolote kati ya haya? Majibu yalinganishwe na kitabu cha matukio. Tuseme wanafunzi 40 wamejibu ndiyo na kitabu kina matukio 3. Mkuu wa shule anaweza kushangilia hizo 3. Anayejua kazi atauliza karatasi zilikwama mlango upi, na kwa kawaida ataanza na wenye funguo za sanduku. Taarifa zikiongezeka katika muhula wa kwanza wa sera, hilo si la kuficha kwenye ripoti ya bodi. Zinazotakiwa kupungua ni "ndiyo" za kwenye dodoso.