Risiti Zipo, Nani Anamdai Nani?

Mwisho wa mwezi, nyumba ya vyumba vitatu Sinza. Wapangaji ni mwalimu, nesi na fundi simu. Wanapika pamoja, na kila anayelipia kitu hupiga picha risiti na kuitupia kwenye kundi lao la WhatsApp. Picha zimeshakuwa tatu. Ya mwalimu ni ya supamaketi, shilingi 96,000. Ya nesi ni ujumbe wa LUKU wa shilingi 46,500. Ya fundi ni ankara ya maji, 18,000.

Njia ya haraka ni kujumlisha zote, 160,500, na kugawa kwa watatu, kila mtu 53,500. Kwa hesabu hiyo nesi anatakiwa aongeze 7,000. Ukweli ni kwamba nesi ndiye anayedai, na ukweli huo umo ndani ya picha zenyewe, ila lazima zisomwe mstari kwa mstari.

Tuanze na ya supamaketi. Kati ya mchele, mafuta na sukari kuna losheni ya mwalimu, shilingi 6,000. Hiyo ni yake peke yake, inatoka. Inabaki 90,000 ya chakula. Nesi alikuwa kwao likizo nusu ya mwezi, kwa hiyo alikula siku 15 wakati wenzake walikula siku 30 kila mmoja. Jumla ni siku 75 za kula, na ukigawa 90,000 kwa 75 unapata 1,200 kwa siku. Mwalimu na fundi wanabeba 36,000 kila mmoja, nesi 18,000.

Kwenye LUKU ndiko wengi wanakopitiwa. Ujumbe ule hauonyeshi tokeni na yuniti tu. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo, na kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi. Hilo ni deni la mwenye nyumba, si la mpangaji, kwa hiyo linatolewa kwenye mgawo na kuandikwa pembeni ili nesi arudishiwe na mwenye nyumba. Umeme wenyewe ni 45,000. Huu mimi ningeugawa sawasawa, 15,000 kila mtu, maana friji haizimwi eti kwa sababu nesi kasafiri. Maji nayo sawasawa, 6,000 kila mmoja. Wapo watakaotaka maji yahesabiwe kwa siku. Sawa, mradi wakubaliane kabla mwezi haujaanza.

Sasa weka pamoja. Fungu la mwalimu ni 57,000, la fundi 57,000, la nesi 39,000, jumla 153,000. Kwa vitu vya pamoja, mwalimu alilipa 90,000, nesi 45,000, fundi 18,000. Hiyo nayo 153,000. Toa fungu la mtu kwenye alicholipa: mwalimu anadai 33,000, nesi anadai 6,000, fundi anadaiwa 39,000. Madai na deni vikilingana, hesabu imefunga. Visipolingana, usimtumie mtu yeyote pesa. Rudi kwenye picha.

Na picha zina vituko vyake. Karatasi ya risiti za mashine huharibika kwa joto, ya kukaa juani kwenye dashibodi haisomeki tena, kwa hiyo ipigwe siku ile ile, imelazwa juu ya kitambaa cheusi, bila flashi. Risiti ndefu ikipigwa vipande viwili, mistari ya katikati hutokea mara mbili na kuhesabiwa mara mbili. Tarakimu 3 na 8 zikififia hufanana, basi jumlisha mistari yote uilinganishe na jumla iliyochapwa chini. Ukikuta tofauti ya 5,000 kamili, tafuta 8 iliyosomwa 3. Punguzo huchapwa mstari wa chini ya bidhaa likiwa na alama ya kutoa, ni rahisi kulipita. Ile VAT inayoonekana chini kwa kawaida imeshaingia kwenye bei za juu, usiiongeze tena. Halafu LUKU moja huweza kuleta ujumbe mara mbili, mmoja wa tokeni na mwingine wa mtandao wa simu uliolipia. Ukiona kiasi kile kile kwa dakika zile zile, hayo ni malipo mamoja.

Nyanya na mchicha wa gengeni havina risiti. Aliyenunua aandike kwenye kundi hapo hapo, siyo baada ya wiki mbili.

Taarifa yenyewe itumwe kundini pamoja na picha zake: kila risiti na aliyelipa, kilichotolewa na sababu yake, fungu la kila mtu, na chini kabisa mistari miwili tu. Fundi ampe mwalimu 33,000. Fundi ampe nesi 6,000. Wapeni siku mbili za kupinga. Zikipita kimya, fundi atume.