Grafu ya Umumunyifu: Je, Swali Limekupa Maji au Mmumunyo?

Maswali ya grafu ya umumunyifu huonekana mepesi, lakini watahiniwa wengi hupoteza alama baada ya kuisoma grafu vizuri kabisa. Kosa lao haliko kwenye rula wala penseli. Liko katika neno moja la swali.

Kwanza, kumbuka maana ya umumunyifu: ni idadi ya gramu za kitu kigumu ambazo hushibisha gramu 100 za maji kwenye halijoto fulani. Mhimili wa wima huonyesha gramu hizo; mhimili wa mlalo huonyesha halijoto. Kwa hivyo kila nukta iliyo juu ya mstari uliopinda ni mmumunyo ulioshiba. Nukta iliyo chini ya mstari ina maana kwamba maji bado yanaweza kupokea zaidi.

Tuchukue nitrati ya potasiamu (KNO₃). Ukipandisha mstari wima kutoka 20°C hadi ugonge grafu, kisha uende mlalo hadi kwenye mhimili wa wima, utapata karibu gramu 32. Kwenye 40°C utapata karibu gramu 64, na kwenye 60°C karibu gramu 110. Chora mistari hiyo ya kusomea kwenye grafu yako na uiache hapo, kwa sababu mtahini hutaka kuona ulikosoma.

Sasa soma swali hili:

Gramu 105 za mmumunyo ulioshiba wa KNO₃ zilipozwa kutoka 60°C hadi 20°C. Ni gramu ngapi za fuwele zilizopatikana?

Mtahiniwa mwenye haraka hufanya hivi: 110 – 32 = 78, kisha 78 × 105 ÷ 100 = gramu 81.9. Hesabu ya kutoa ni sahihi, lakini jibu si sahihi. Ile 78 ni ya kila gramu 100 za maji, naye ameichukulia gramu 105 za mmumunyo kana kwamba zote ni maji. Mmumunyo ni maji pamoja na kile kilichomumunyika ndani yake.

Fanya hivi badala yake. Kwenye 60°C, gramu 100 za maji hubeba gramu 110 za KNO₃, kwa hivyo uzito wa mmumunyo wote ni gramu 210. Swali limetupa gramu 105, yaani nusu ya 210. Basi ndani yake mna gramu 50 za maji na gramu 55 za KNO₃.

Mmumunyo unapopoa, maji hayapungui. Yangali gramu 50. Kwenye 20°C, gramu 50 za maji hushika nusu ya 32, yaani gramu 16. Zilizobaki hazina pa kukaa, hivyo hutoka kama fuwele:

55 – 16 = gramu 39

Rudi sasa kwenye lile jibu la kwanza. Mmumunyo wote ulikuwa na gramu 55 tu za KNO₃. Gramu 81.9 za fuwele zingetoka wapi? Hii ndiyo njia ya kujipima mwenyewe kabla ya kufungua ukurasa: fuwele haziwezi kuzidi kitu kigumu kilichokuwamo tangu mwanzo.

Wakati mwingine swali hugeuzwa. Unaambiwa gramu 32 za KNO₃ zimemumunyishwa katika gramu 50 za maji moto, kisha unaulizwa fuwele zitaanza kuonekana kwenye halijoto gani. Hapa usianze na mhimili wa wima kwa 32, kwani grafu haijui gramu 50 za maji. Badilisha kwanza: 32 katika 50 ni sawa na 64 katika 100. Anza kwenye 64, nenda mlalo hadi kwenye mstari uliopinda, kisha teremka. Jibu ni 40°C.

Katika maabara, huenda kipimajoto kikakuonyesha halijoto ya chini kuliko hiyo. Mmumunyo ukipozwa bila kukorogwa, fuwele huweza kuchelewa kutokea ingawa maji yamekwisha kushiba. Ndiyo maana maagizo hukutaka ukoroge bila kukoma na uandike halijoto mara tu unapoona fuwele za kwanza. Nukta ikikaa mbali na nyingine kwenye grafu yako, usiuvute mstari uifuate. Pitisha mstari laini katikati ya nukta zilizokubaliana.

Kwa hivyo, kabla ya kushika kikokotoo, pigia mstari neno linalofuata gramu katika swali. Likiwa ni "maji", linganisha na 100. Likiwa ni "mmumunyo", linganisha na 100 ukijumlisha umumunyifu wa halijoto ya kuanzia.