Barua kwa Tume ya Haki za Binadamu: tuandike tulichokiona

Mtoto akikamatwa bila sababu kuelezwa, tunaweza kuiandikia Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, ile tunayoiita CNDH. Katika chama chetu tumekwisha kusaidiana kuandika barua kama hizo, na tumeona kwamba nguvu yake ni tarehe na saa.

Sababu iko katika Katiba yetu, kifungu cha 18. Anayekamatwa lazima aelezwe sababu mara moja, katika lugha anayoielewa. Asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Kama barua haisemi alikamatwa lini, Tume itahesabu saa hizo kuanzia wapi?

Tuchukue mfano. Kijana amechukuliwa nyumbani Jumatatu, saa tatu usiku. Mama anataka kuandika: “Polisi wamemteka mwanangu na wanamtesa.” Tunamuuliza: uliona nini kwa macho yako? Anajibu kwamba aliona wanaume wawili wenye nguo za polisi, na Jumanne asubuhi mlinzi wa kasho alipokea chakula cha kijana. Habari ya kupigwa aliisikia kwa mtu aliyetoka mle.

Basi tunaandika hivi: “Jumatatu, saa tatu usiku, wanaume wawili wenye nguo za polisi walimchukua mwanangu nyumbani. Nilikuwapo. Hawakuonyesha karatasi. Jumanne mlinzi alipokea chakula chake. Mtu aliyekuwa naye ndani aliniambia kwamba amepigwa, mimi sijamwona. Leo ni Alhamisi, sijaelezwa sababu, wala sijui kama amefikishwa parke.”

Chakula kilichopokelewa kinaonyesha kwamba kijana yuko pale. Saa 48 zilikwisha Jumatano, saa tatu usiku. Neno la kupigwa halikufichwa, lakini limewekwa mahali pake. Kama tungeliandika kama jambo tuliloliona, na likaonekana si kweli, wakubwa wa kasho wangepata njia ya kuikataa barua nzima.

Mwisho tunaomba jambo linalowezekana: Tume ifike kasho, imwone kijana, iulize sababu ya kumshika. Tume si mahakama, haiwezi kumhukumu wala kumfungua yenyewe. Kwa hiyo tutafute pia avoka.

Tuweke jina kamili la kijana, umri wake, mahali aliposhikwa na namba yetu ya simu. Jina la shahidi tusiliandike kabla hajakubali, maana anaweza kutafutwa. Tupeleke kopi za karatasi, asili zibaki nyumbani. Kopi moja ya barua igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa, tuihifadhi. Akihamishwa au akiachiliwa, tuandike tena siku ileile, ili Tume isimtafute mahali ambapo hayupo.