Fahamu: Nani hukatia bima shehena ya ng'ambo?

Katika masharti ya CIF, yaani bei inayojumuisha bidhaa, bima na nauli ya meli, muuzaji ndiye anayelipia bima, ingawa hatari ya hasara humhamia mnunuzi mara shehena inapopakiwa melini. Kwa hiyo mnunuzi aliyeagiza vipuri vya dola 20,000 kutoka Shanghai ndiye atakayedai fidia, na anapaswa kumwomba muuzaji cheti cha bima kabla meli haijang'oa nanga. Cheti kionyeshe kinga ya angalau asilimia 110 ya bei, yaani dola 22,000, pamoja na aina ya kinga, kwani ile ya daraja C, ambayo ndiyo ya chini kabisa muuzaji anayoruhusiwa kukata, hufidia moto na kuzama kwa meli lakini si wizi. Chini ya CFR, muuzaji hulipa nauli tu, wala halazimiki kukata bima yoyote.